Namna ya kuandika wasifu wa kocha wa kujitolea wa timu ya watoto

Kila Januari, klabu yetu hapa Moshi ikianza kuandikisha watoto, makocha wapya wananijia na maswali yale yale. Niandike kiasi gani? Nina cheti kimoja tu, niseme nini? Timu haijawahi kuchukua kombe, hayo maendeleo nitayatoa wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu, na kazi ya ukatibu ina mengine, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

Kwanza tuelewane msomaji ni nani. Ni mama wa Pasua au baba wa Njoro anayetaka kujua akimwacha mwanawe uwanjani saa kumi jioni, anamwacha mikononi mwa nani. Ndiyo maana nina kipimo kimoja kwa kila sentensi ya wasifu: mzazi akija uwanjani Jumamosi aione kwa macho yake, au akiomba karatasi aonyeshwe. Sentensi isiyopita hapo naifuta, hata kama ni ya kweli.

Kabla hujashika kalamu

Weka mezani vitu hivi:

- Daftari la mahudhurio, tangu siku ya kwanza ya msimu. Bila daftari hutaweza kuandika maendeleo.
- Vyeti vyako vyote halisi. Usiandike kwa kukumbuka, maana watu huchanganya miaka na ngazi.
- Kanuni za klabu za ulinzi wa watoto, zenye sahihi yako. Kama klabu haina, simama hapo. Kaeni na viongozi muandike hata nusu ukurasa, kisha urudi kwenye wasifu.
- Jina na namba ya simu ya mtu wa klabu anayepokea malalamiko, kwa ridhaa yake.
- Picha moja yako, ukiwa peke yako.

Tenga saa moja na nusu. Wasifu wenyewe usizidi ukurasa mmoja, kwa sababu utabandikwa pia ukutani na kusomwa na mtu aliyesimama.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ni wa kocha wetu mmoja wa watoto wa chini ya miaka 13, fundi seremala, mtu mwadilifu kabisa. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mimi ni kocha mwenye uzoefu mkubwa na ninayependa sana watoto. Nina mapenzi na soka tangu utotoni. Nimesomea ukocha na huduma ya kwanza. Usalama wa watoto ni kipaumbele changu. Timu yangu imepata mafanikio makubwa."

Nilimuuliza swali moja tu: mtu mwenye nia mbaya na watoto angeandika tofauti na hivi? Alinyamaza kidogo, akasema, "Angeandika hivi hivi, kaka." Tukaanza upya.

Hatua kwa hatua

1. Jieleze wewe na timu kwa sentensi tatu.

Jina, kazi yako ya kila siku, umri wa watoto unaowafundisha, na tangu lini. Sema wazi kwamba unajitolea na hulipwi. Hapa kwetu wazazi wengi hudhani mchango wa kila mwezi ni mshahara wa kocha, na mtoto aliyekosa mchango anaona aibu kuja mazoezini. Andika pia mchango unapokelewa na nani. Kama ni mweka hazina, na anatoa risiti, hayo yaandike.

Usitumie neno "uzoefu" peke yake. Andika miaka na kikundi: "Nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 12 tangu Januari 2024." Kama ulicheza zamani taja kwa ufupi, lakini usidhani kucheza vizuri kunamwambia mzazi chochote kuhusu kulea.

2. Usalama uandike kama mambo unayoyatenda.

Hapa ndipo utumie nguvu nyingi zaidi. "Usalama ni kipaumbele" haina kitu cha kushika. Mwandikie mzazi unachofanya kuanzia mtoto anapofika mpaka anapoondoka. Kwa fundi wetu tulichukua mambo matano.

La kwanza, watu wazima wawili. Mazoezi hayaanzi mpaka wawepo wawili, na hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, iwe stoo ya mipira, chumba cha kubadilishia nguo au nyumbani kwake. Ukiandika hivi, mzazi anaweza kuja bila taarifa na kuhesabu.

La pili, simu. Matangazo yote yanakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kocha hamwandikii mtoto ujumbe wa faragha, na mtoto akimwandikia, anajibu kwenye kundi au anampigia mzazi. Hii inamlinda na kocha mwenyewe.

La tatu, njia ya kurudi nyumbani. Mazoezi yetu yanaisha saa kumi na moja na nusu ili watoto wafike kwao kabla ya giza. Kocha hampakii mtoto mmoja kwenye pikipiki yake, hata kwa wema. Mtoto asipochukuliwa, watu wazima wote wawili wanabaki naye huku mzazi akipigiwa.

La nne ni adhabu, na hapa niwaombe msione aibu. Wazazi wetu wenyewe hutuambia, "Kocha, akiwa mkorofi mchape tu." Wanasema kwa kukuamini, lakini klabu haina ruhusa hiyo. Andika kabisa kwamba hupigi, hutukani, na humkimbizi mtoto mizunguko kama adhabu. Kisha taja unachofanya badala yake: anakaa pembeni dakika tano karibu na msaidizi, halafu anarudi. Sentensi hiyo ikishaandikwa, ombi la kuchapa linakwisha lenyewe.

La tano, kuumia. Sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, nani analishika, mtoto akihitaji daktari anapelekwa wapi. Kwetu ni Hospitali ya Mawenzi, na mzazi anapigiwa kabla gari halijaondoka. Ongeza kanuni ya kichwa: mtoto aliyegongwa kichwani anatolewa na hachezi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Watoto husema wako sawa kwa sababu wanataka kurudi ndani.

Onyo: usiandike kanuni ambayo bado hujaianza. Kocha mmoja aliandika "tuna sanduku la huduma ya kwanza kila mazoezi". Mzazi akaomba plasta, na sanduku lilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti. Tangu siku ile yule mzazi aliutilia shaka na ule ukweli mwingine wote.

3. Taja pa kulalamikia, na pasiwe kwako.

Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Makocha huandika, "Ukiwa na tatizo lolote nipigie." Tatizo likiwa ni wewe je? Na hata kama si wewe, mtoto au mzazi hajui hilo. Namba ya malalamiko iwe ya mtu mwingine wa klabu, asiwe mke wako, ndugu yako wala msaidizi wako. Kwetu tunamwita mlezi wa watoto. Ni mama muuguzi mstaafu ambaye watoto wanamwamkia kila Jumamosi, kwa hiyo wanamjua kwa sura.

Chini ya namba yake ongeza njia zilizo nje ya klabu. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa mtoto nchini, na kupiga ni bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri ina maofisa ustawi wa jamii. Kocha anayeziweka namba hizi kwenye karatasi yenye jina lake amemwambia mzazi jambo ambalo maneno matamu hayawezi kulisema.

Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 mwenye ndevu anayefundisha pamoja nawe ni mtoto bado, kwa hiyo usimhesabu kwenye wale watu wazima wawili.

4. Mafunzo: kila cheti kiwe na vitu vinne.

Jina la mafunzo, aliyeyatoa, mwaka, na muda. "Nimesomea ukocha" inaweza kuwa miezi au asubuhi moja. Fundi wetu alikuwa na vyeti viwili: semina ya siku tatu ya makocha wa watoto, na mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza. Aliona aibu kuandika siku tatu. Nikamwambia siku tatu za kweli zina uzito kuliko "kozi" isiyo na mwanzo wala mwisho.

Tofautisha cheti cha kuhudhuria na leseni. Leseni za CAF zinapanda kutoka D, kisha C, B na A. Ukihudhuria semina iliyoandaliwa na chama cha mpira, hujapata leseni, hata kama cheti kina nembo kubwa. Kama huna leseni, andika "Sina leseni ya CAF bado." Mzazi hatakimbia. Atakayekimbia ni yule atakayegundua baadaye kwamba ulimdanganya.

Mafunzo ya ulinzi wa watoto yawe na mstari wake peke yake, yasichanganywe na ya mbinu za mpira. Kama huna, kozi ya mwanzo ya FIFA Guardians inasomwa mtandaoni. Imalize ndipo uandike. Na angalia cheti cha huduma ya kwanza kama kina tarehe ya mwisho. Kikiwa kimepita muda, andika mwaka ulioupata na useme unakwenda kukihuisha lini.

5. Maendeleo: toa kwenye daftari.

Kombe halimwambii mzazi mwanawe atapata nini, maana timu inaweza kuchukua kombe kwa kuchezesha watoto wanane wale wale huku kumi wengine wakikaa benchi mwaka mzima. Tafuta mambo mawili au matatu ambayo daftari linayajua. Hivi ndivyo tulivyofanya na fundi.

Januari 2024 aliandikisha watoto 16. Tulijumlisha mahudhurio ya mazoezi kumi ya kwanza, tukapata 118. Gawa kwa kumi: kama watoto 12 kila siku. Mazoezi kumi ya mwisho, Novemba, jumla ilikuwa 190, yaani watoto 19 kila siku. Yeye akataka kuandika "mahudhurio yamepanda kutoka 12 hadi 19". Namba ni za kweli, lakini zinapotosha. Novemba alikuwa na watoto 24 waliosajiliwa. Kumi na mbili kati ya 16 ni robo tatu. 19 kati ya 24 ni zaidi ya robo tatu kidogo tu. Timu ilikua, ila tabia ya kuhudhuria haikubadilika sana. Kwa hiyo kila ukiandika waliokuja, andika na waliosajiliwa.

Tulipopekua majina, tukakuta jambo zito zaidi: kati ya wale 16 wa Januari, 14 walikuwepo bado Novemba. Watoto hukimbia mahali wanapoonewa au wasipochezeshwa. Namba hiyo tukaiweka mbele.

Kwa upande wa mpira, msaidizi wake alikuwa na kijidaftari cha mistari. Kila mechi, dakika kumi za kwanza, alichora mstari mmoja kila watoto wakifikisha pasi tatu mfululizo bila kunyang'anywa. Mechi ya Machi ilikuwa na mistari miwili. Ya Oktoba ilikuwa na tisa. Mechi zote mbili walifungwa, na tukaandika hivyo hivyo, kwa sababu mzazi anayejua mpira ataelewa mara moja, na asiyejua ataelezwa na jirani yake. Kama huna hesabu ya namna hii, anza Jumamosi hii. Unahitaji mtu mmoja na kalamu.

Onyo: usitaje maendeleo ya mtoto mmoja mmoja. "Mshambuliaji wetu wa darasa la tano kutoka shule fulani amefunga mabao 11" inampa mtu asiyejulikana shule, umri na mahali pa kumpata mtoto. Sema "timu" na "watoto".

6. Picha.

Picha yako peke yako, uso unaonekana, umevaa fulana ya klabu, ili mtoto na mzazi wakujue uwanjani. Usikate picha ya timu na kuacha nusu ya sura ya mtoto. Picha ya timu ikitakiwa, kila mzazi atie sahihi fomu ya idhini inayosema picha itatumika wapi, na mzazi mmoja akikataa, mtoto wake asiwemo. Majina ya watoto yasiandikwe chini ya picha. Na ratiba ya mazoezi, siku na saa, ipelekwe kwenye kundi la wazazi. Haina haja ya kukaa kwenye karatasi ya ukutani.

7. Wape watu wawili wasome.

Mmoja awe mlezi wa watoto, aangalie kila sentensi ya usalama na kuuliza, "Hili tunalifanya kweli?" Mwingine awe mzazi asiyejua mpira. Akikwama kwenye neno, libadilishe. Chini kabisa andika tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kuurudia, miezi sita mbele.

Wasifu ulivyotoka

"Naitwa ______, fundi seremala, mkazi wa Pasua. Nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 12 tangu Januari 2024. Najitolea, silipwi, michango hupokelewa na mweka hazina, naye hutoa risiti.

Mazoezi yetu hayaanzi mpaka wawepo watu wazima wawili, na hakuna anayebaki na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Matangazo yote yako kwenye kundi la wazazi; siwaandikii watoto. Simpakii mtoto kwenye pikipiki yangu. Sipigi, situkani, mtoto akikosea anakaa pembeni dakika tano, kisha anarudi. Sanduku la huduma ya kwanza liko kando ya uwanja, analishika msaidizi wangu. Mtoto akigongwa kichwani hachezi tena siku hiyo. Akihitaji daktari anapelekwa Mawenzi, na mzazi anapigiwa kwanza.

Jambo lolote linalokutia wasiwasi, hata kama linanihusu mimi, mpigie mlezi wa watoto wa klabu: ______. Unaweza pia kupiga 116, bure, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Mafunzo: semina ya makocha wa watoto, siku tatu, 2023; huduma ya kwanza, siku mbili, 2024; ulinzi wa watoto, kozi ya mtandaoni, 2024. Sina leseni ya CAF bado. Vyeti viko kwa katibu, omba uvione.

Kati ya watoto 16 walioanza Januari 2024, 14 walikuwepo bado Novemba. Sasa wako 24, na kwa kawaida 19 huja mazoezini. Machi, katika dakika kumi za kwanza za mechi, walifikisha pasi tatu mfululizo mara mbili; Oktoba mara tisa. Mechi zote mbili tulifungwa.

Umeandikwa Desemba 2024. Utarudiwa Juni 2025."

Waliotoa semina na mafunzo nimeyaacha majina yao hapa, ila wewe kwenye karatasi yako uwaandike.

Ukikwama

*Wasifu umezidi ukurasa.* Kata historia yako ya uchezaji kwanza, kisha sifa. Sehemu ya usalama na namba ya malalamiko usiiguse.

*Huna daftari la mahudhurio.* Usikisie. Andika "Tumeanza kuweka kumbukumbu mwezi huu" na uache nafasi ya maendeleo mpaka marudio ya miezi sita.

*Mahudhurio yameshuka.* Angalia miezi kabla hujaogopa. Masika, Machi mpaka Mei, viwanja vyetu hujaa tope, na watoto wa darasa la saba hupotea kuelekea mtihani wa Septemba. Linganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Kama bado yameshuka, waulize wazazi wa waliotoka kabla hujaandika sababu. Na akitoka mtoto mmoja mmoja wa kikundi kimoja kwa ghafla, mjulishe mlezi wa watoto siku hiyo hiyo. Hilo ni suala lake kabla halijawa la wasifu.

*Mtoto aliumia vibaya msimu huu.* Usimtaje, wala usieleze jeraha kwa namna ya kumtambulisha. Taja kilichobadilika: "Tangu Agosti tunakagua uwanja kwa mawe na vioo kabla ya kila mazoezi."

*Wazazi wanasema kanuni zako zinawaonyesha kama hawakuamini.* Waambie kanuni ni zile zile kwa kila kocha wa klabu, na waonyeshe ukurasa wenye sahihi zenu wote.

*Msaidizi wako amehama na umebaki peke yako.* Mwambie katibu siku hiyo hiyo. Mpaka apatikane mtu mzima wa pili, mazoezi yanasimama, au mzazi mmoja anaombwa kukaa uwanjani mwanzo hadi mwisho. Jina la msaidizi kwenye karatasi ya ukutani lifutwe kabla ya Jumamosi.